Chora mhusika kwa ubavu kabla ya kuandika klipu

Juzi kijana mmoja wa hapa Bukavu alinitumia senario ya klipu 12 za katuni. "Kaka, hadithi iko tayari, mhusika tutamchora tukifika." Hasira ilinipanda, maana kosa hilo nalijua kwa mikono yangu.

Mwaka jana niliandika klipu 8 za mama mbebaji wa soko la Kadutu: gunia mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso. Nilikuwa na mchoro mmoja tu, wa mbele, tena bila mzigo. Kwenye klipu ya 3 mteja anapunguza malipo, mama anakunja nyusi na kumkazia macho. Nilipokaa kuichora, mkanda ukawa umefunika nyusi zenyewe.

Nikamgeuza ubavu, nikaona kosa kubwa zaidi. Gunia humvuta mtu nyuma, naye huinama mbele na kukaza shingo, macho yakiangalia hatua mbili tatu mbele ya miguu. Mama yule hawezi kumtazama usoni mteja aliyesimama. Humwinulia macho tu, na weupe wa jicho hutokea chini ya mboni. Mtazamo huo una nguvu kuliko nyusi zangu zote, na ningeuandika tangu mwanzo kama ubavu ungetangulia. Nilichora upya klipu 4.

Siku hizi naweka mbele na ubavu kwenye karatasi moja, na mistari ya rula inayopita michoro yote miwili: utosi, macho, kidevu, bega, kiuno, goti. Kidevu kikipanda juu ya mstari wake, nakiona papo hapo. Mwenye mzigo namchora tena akiwa amebeba. Hapo mistari haisaidii kwa sababu ameinama, kwa hiyo napima kichwa: ukubwa wake lazima ubaki uleule.

Halafu nachora nyuso sita za hisia tofauti, mkanda ukiwa umevaliwa. Fuvu na masikio siyagusi. Zinatembea nyusi, kope, mashavu na mdomo, na mdomo ukifunguka kidevu kinashuka. Nikimaliza naziba midomo kwa kidole. Hasira na hofu zikifanana, macho hayajafanya kazi, narudia. Mkanda wa mama niliupandisha hadi nywele zinapoanzia, nyusi zikapata nafasi.

Ndiyo, kazi hii inakula siku mbili, na kuran ya mji huu, yaani umeme, tunaijua. Kwa klipu moja ya mtu aliyekaa akiongea, uso wa mbele unatosha, nakubali. Kwa klipu 12, sikubali.

Nimemwomba kijana anitumie kwanza ubavu wa mhusika wake. Ni dada muuza samaki, beseni kichwani bila kushikwa na mkono. Kwenye klipu ya 5 ameandika: "Dada anatikisa kichwa kukataa bei."