Hiyo shilingi ya kidijitali, unamdai nani?

Jumamosi iliyopita nilipanda Newala kumsalimia mjomba. Nilimkuta barazani, simu mkononi, uso umemchangamka kama mtu aliyesikia malipo ya mnada yameingia. Hata maji sijanywa, akaniambia, "Mpwa wangu, safari hii sijachelewa. Nimenunua shilingi ya kidijitali ya Benki Kuu kabla haijatoka. Ikitoka tu, inapanda kama Bitcoin."

Alikuwa ametoa 600,000, nusu ya fedha yake ya korosho. Kijana mmoja mwenye maneno laini alimwekea kwenye simu ukurasa wenye picha ya sarafu yenye twiga, na chini yake salio linaloongezeka kila asubuhi. Mjomba alinionyesha lile salio kwa fahari, nami nilitamani kulia.

Wezi tunao kila msimu, na bakuli za kangomba, walanguzi wa korosho, tunazijua toka utoto. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika sentensi moja mjomba alichanganya vitu vitatu visivyo na undugu, yaani pesa ya benki, fedha ya Benki Kuu na Bitcoin, na mchanganyo huohuo ninauona kila siku kwenye makundi ya WhatsApp ya watu waliosoma, wenye vyeti ukutani. Yule kijana hakubuni uongo mpya. Aliutumia uvivu wetu wa kutouliza swali moja: hii fedha, namdai nani?

Nimekaa kaunta ya benki miaka sita, kwa hiyo nianze na tunachokiita "pesa yangu iko benki".

Chukua korosho kilo 400 kwa bei ya 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Ni 1,200,000. Ruka vituo vya katikati, yaani chama kikuu cha ushirika na AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, tumwangalie mnunuzi mwenye akaunti benki moja na mkulima mwenye akaunti benki nyingine. Malipo yanapofanyika hakuna gari linalobeba noti kutoka Mtwara mjini kwenda Newala. Benki ya mnunuzi inapunguza 1,200,000 kwenye kile inachodaiwa na mnunuzi. Kisha Benki Kuu, ambako kila benki ina akaunti yake, inaipunguzia benki ya kwanza kiasi hicho na kuiongezea ya pili. Mfumo wa kazi hiyo kwa malipo makubwa unaitwa TISS. Mwisho, benki ya mkulima inaandika kwenye daftari lake kwamba inadaiwa na mkulima 1,200,000.

Rudia kusoma hapo. Fedha ya Benki Kuu ilihama kati ya benki na benki, na mkulima hakuigusa. Alichopata ni ahadi ya benki yake kwamba akija dirishani atapewa noti. Salio ni deni, na mdaiwa ni benki ya biashara, kampuni yenye wanahisa inayoweza kupata hasara kama kampuni nyingine.

Sisi wa kusini tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi, maana tunaishi na stakabadhi ghalani. Ukipeleka magunia ghalani unarudi nyumbani na karatasi. Karatasi si korosho, ni haki yako ya kumdai mwenye ghala. Tofauti ni kwamba mwenye ghala akikopesha korosho zako kwa mtu mwingine amefanya kosa, wakati benki kukopesha amana yako ndiyo kazi yake halali. Fedha uliyoiweka Jumatatu, Ijumaa imeshakuwa mkopo wa trekta la mtu. Siku za kawaida hilo halikudhuru, kwa sababu wenye amana hawaji wote siku moja.

Siku zisizo za kawaida zipo. Mei 2017 Benki ya Wananchi Mbinga ilifutiwa leseni, na Mbinga ni jirani zetu tu hapo Ruvuma. Januari 2018 zikafuata benki tano kwa mpigo: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamlipa kila mwenye amana hadi 1,500,000, na kilichozidi kikangoja mfilisi auze mali na kukusanya mikopo. Siku hizi kiwango ni 7,500,000. Mwenye 9,000,000 kwenye benki iliyofungwa atalipwa 7,500,000 na bima, halafu 1,500,000 iliyobaki ataidai kwa mfilisi, pengine aipate yote, pengine nusu, pengine baada ya miaka. Ndiyo maana ya kuwa unaidai benki. Wenye korosho za milioni moja au mbili wamo ndani ya bima, na hilo nawaambia bila kusita ili mtu asikimbilie kuficha fedha kwenye godoro.

Sasa toa noti mfukoni. Hiyo nayo ni deni, ila mdaiwa amebadilika. Kwenye hesabu za Benki Kuu, noti zote zilizo mikononi mwetu zimeandikwa upande wa madeni yake. Benki ya mtaani kwako ikifungwa leo, noti yako haina habari. Fedha ya kidijitali ya Benki Kuu ni noti hiyo iliyovuliwa karatasi: unaishika kwenye simu au kadi, lakini unayemdai ni Benki Kuu yenyewe. Kama nilivyoonyesha kwenye korosho zetu, Benki Kuu tayari ina fedha isiyo ya karatasi, ila milango yake iko wazi kwa mabenki peke yao. Jambo jipya ni kutufungulia mimi na wewe huo mlango.

Ukilielewa hilo, uongo wa yule kijana unaanguka wenyewe. Kama ni noti iliyovuliwa karatasi, 10,000 yake ni 10,000, leo, kesho na mwakani. Haina bei ya kupanda. Hakuna anayenunua noti ya 10,000 kwa 4,000 eti kabla haijatoka. Mtu akikuambia shilingi ya kidijitali itapanda, ameshakuthibitishia kwamba anachouza si hiyo. Na hapa Tanzania haijatolewa: Januari 2023 Benki Kuu ilitangaza kwamba inaendelea na utafiti kwa awamu na kwa tahadhari. Hakuna wakala aliyepewa kuiuza Newala, Tandahimba, Masasi wala Nachingwea.

Na Bitcoin? Humdai mtu. Hakuna ghala, hakuna meneja, hakuna gavana. Kuna daftari moja ambalo nakala zake zimetapakaa kwenye kompyuta nyingi duniani, linaongezwa ukurasa kila baada ya dakika kumi hivi, na kanuni yake inasema sarafu hazitazidi milioni 21. Kwa kuwa hakuna aliyeahidi kukulipa chochote, thamani yake ni ile tu ambayo mnunuzi wa siku hiyo yuko tayari kutoa. Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Hakuna aliyevunja ahadi, maana ahadi haikuwepo.

Nikiri, japo kwa shingo upande, kwamba kuna jambo moja ambalo mashabiki wa Bitcoin wako sahihi. Fedha ambayo humdai mtu haiwezi kuzuiwa na mdaiwa. Ukiwa na ufunguo wako wa siri, hakuna ofisa wa kukuambia akaunti imefungwa mpaka ulete barua. Lakini ufunguo huo ukipotea, au maneno yako 12 au 24 ya siri ya kuurudishia ufunguo ukimpa kijana mwenye maneno laini akusaidie kuyatunza, hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Mzee wa miaka 68 anayeandika namba yake ya siri nyuma ya kadi ya benki hawezi kubebeshwa mzigo huo.

Watu wa upande wa pili nao, wanaoshangilia shilingi ya kidijitali kana kwamba ni mvua ya kwanza, wanisikilize. Fikiria siku tetesi zinaenea kwamba benki fulani inayumba. Leo mkulima wa Tandahimba apande gari, apange foleni, na mashine ikiishiwa noti arudi kesho. Kukiwa na pochi ya Benki Kuu kwenye simu, wilaya nzima inahamisha amana usiku mmoja kwa kubonyeza. Benki ambayo ingepona inakufa kwa sababu ya wepesi huo. Hata bila tetesi, kila shilingi inayohamia Benki Kuu ni shilingi ambayo benki haina tena ya kukopesha AMCOS kwa ajili ya salfa.

Waliotangulia waliliona hilo wakaweka kikomo. Bahamas walitoa yao, Sand Dollar, Oktoba 2020, na pochi ya ngazi ya kwanza, isiyodai kitambulisho, haibebi zaidi ya dola 500 za huko, wala haina riba. Kwa hiyo hata ikija kwetu, usitegemee kuweka humo malipo yote ya msimu. Nigeria nao walizindua eNaira Oktoba 2021, na watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakakuta kwamba katika wiki yoyote asilimia 98.5 ya pochi zilizofunguliwa hazikutumika. Watu walikuwa na njia zao za kulipana, hawakuona hii inawaongezea nini.

Suala la serikali kuona kila ninachonunua linanikera pia, na sheria yake iandikwe kabla ya pochi.

Jioni ile tuliifungua simu pamoja. Nikamwambia mjomba ajaribu kutoa 50,000 tu kwenye lile salio lake. Ukurasa ukamjibu kwamba lazima kwanza alipe 80,000 ya "kuamsha akaunti". Akanyamaza muda mrefu. Asubuhi tukaenda polisi kuandikisha, tukiwa na ujumbe wote na namba aliyoitumia fedha, na nikahakikisha hafuti chochote kwenye simu.

Njiani kurudi akaniuliza, "Na hii pesa ya simu tunayotumiana kila siku, yenyewe namdai nani?"

Nilifurahi mno. Nikamjibu kwamba unaidai kampuni ya simu, nayo inalazimika kuweka shilingi yako kwenye akaunti ya dhamana, na akaunti hiyo iko benki ya biashara.

"Kumbe tunarudi palepale benki," akasema.

"Tunarudi palepale, mjomba."

Akaitoa simu, akampigia jirani yake waliyekuwa wamekubaliana kwenda kwa yule kijana Jumatatu.