Nilipiga Windows mara mbili, ugonjwa ukabaki palepale

Asubuhi moja kompyuta yangu ya mezani iligoma kufungua tovuti. Kila nikijaribu, ukurasa mweupe na maandishi ya Kiingereza, chini yake `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Sikuyasoma. Mimi nikiona herufi kubwa zimeshikana hivyo najua moja tu: virusi. Nikachukua flashi, nikapiga Windows upya.

Saa nne zikaenda. Ilipowaka nikaona kwenye kona tarehe inasema 2009. Nikairekebisha, kwa urembo tu, kisha nikafungua tovuti. Zikafunguka! Nikajisifu nyumba nzima, nikazima mpaka swichi ya ukutani, nikalala usingizi wa fundi.

Asubuhi ukurasa mweupe huo hapo. Nikapiga Windows tena.

Katikati ya msiba huo akaingia mpwa wangu.

“Shikamoo mjomba. Kwenye simu zinafunguka?”

“Marahaba. Simu inahusikaje?”

Akatumia Wi-Fi ileile, tovuti ileile, akabadilisha kifaa tu. Ikafunguka. Basi mtandao ni mzima na tovuti ni nzima. Akarudi kwenye kompyuta, akabadilisha kivinjari tu. Ikagoma. Kivinjari nacho kikaachiwa huru. Mimi nikataka tuzime modemu na kufuta antivirusi kwa mpigo. Akanishika mkono: “Zikifunguka, mjomba, tutamshukuru nani?”

Ndipo akayasoma yale maandishi. `DATE`, tarehe. Kona ya skrini: 2009. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwa kompyuta iliyoamini tuko 2009, cheti hicho kilikuwa hakijazaliwa. Akaweka tarehe sahihi bila kugusa kingine. Zikafunguka. Halafu, mtoto huyu, akairudisha 2009 makusudi! Zikagoma. Akaiweka sawa tena, zikafunguka. Hapo nikaelewa kwamba ule usiku wa sifa, Windows mpya haikuwa imetibu kitu. Dawa ilikuwa ule urembo wangu, nami sifa nikaipa flashi.

Ikabaki kujua nani anairudisha saa nyuma. Tukazima ukutani, tukangoja, tukawasha: 2009. Akafungua kasha, akanionyesha betri bapa kama kishikizo cha koti, imeandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayoipa saa uhai umeme ukikatwa, na imekaa kwenye ubao mkuu, mahali ambapo Windows ungeipiga hata mara mia usingeifikia. Ya volti 3. Yetu ilikuwa imekwisha kabisa.

Tukaweka mpya, tukapanga tarehe, tukazima ukutani usiku kucha. Asubuhi saa ilikuwa sawa na tovuti zinafunguka.

Sasa natafuta draiva ya printa. Hiyo ilikuwa nzima kabla sijaanza kutibu.