Kutenga maji ya bafuni hakupunguzi mtambo wa majitaka kwa nusu

"Tukitenga maji ya kuogea na kufulia tukayatumia tena, kwa nini tusijenge mtambo wa majitaka wa nusu ya ukubwa?"

Hesabu inayozaa hoja hii ni sahihi, ila imeishia njiani. Tuchukue makazi ya nyumba 500 yenye watu 2,000, kila mmoja akitoa lita 120 za majitaka kwa siku. Jumla ni mita za ujazo 240. Katika lita hizo 120, tuseme 70 zinatoka bafuni na kwenye mashine ya kufulia, 30 chooni na 20 jikoni. Ya jikoni huachwa yaende pamoja na ya choo kwa sababu ya mafuta na mabaki ya chakula. Ukitenga maji mepesi, yaani hayo ya kuogea na kufulia, ambayo ni mita za ujazo 140, mtambo mkuu unabaki na 100 tu.

Lakini zile 140 zinakwenda wapi? Vyoo vinahitaji 60. Zinabaki 80, na mnywaji wake ni bustani. Kiangazi bustani inaweza kuzimaliza zote. Mvua ikinyesha wiki nzima haitaki hata tone, na maji haya hayakubali kuhifadhiwa: yakikaa takriban siku moja bila kusafishwa huanza kunuka. Basi 80 hizo zinarudi kwenye bomba la majitaka, na mtambo mkuu unapokea 180. Siku chujio la maji mepesi likiziba, unapokea 240 zote. Pampu, tangi la kusawazisha mtiririko na tangi la kutuamisha tope lazima yaihimili siku hiyo. Pale sheria inaporuhusu maji mepesi yaliyosafishwa kumwagwa mtaroni, hoja ya kupunguza mtambo inapata nguvu kidogo, ingawa siku ya chujio kuziba inabaki palepale.

Kuna jambo zito zaidi ya ujazo, nalo ni uchafu wenyewe. Mtu mmoja hutoa uchafu unaohitaji kiasi cha gramu 50 za oksijeni kwa siku ili bakteria wauvunje. Kwa watu 2,000 ni kilo 100. Maji ya kuogea na kufulia hubeba sehemu ndogo yake, tuseme robo. Kwa hiyo ukiondoa zaidi ya nusu ya maji, unabaki na kilo 75 za mzigo ndani ya mita za ujazo 100. Kila lita, iliyokuwa na miligramu 417, sasa ina 750. Mashine za kupuliza hewa hufuata kilo, hazifuati lita, kwa hiyo hapo huwezi kupunguza zaidi ya robo.

Nitrojeni ndiyo inayowashtukiza wengi. Karibu yote hutoka chooni, hasa kwenye mkojo, hivyo ukiondoa maji ya bafuni nitrojeni hiyo, ambayo huja kama amonia, huongezeka zaidi ya maradufu katika kila lita. Bakteria wanaoibadilisha kuwa nitrati hula ualkali, yaani uwezo wa maji wa kuzimua asidi, takriban gramu 7 kwa kila gramu ya nitrojeni. Ualkali ukiisha, pH hushuka na bakteria hao huzubaa. Utaona maji yanatoka maangavu, lakini kipimo cha amonia kiko juu na pH ya tangi la hewa imeteremka chini ya 6.5. Fundi asiyejua huongeza hewa, na umeme unateketea bure. Kinachotakiwa hapo ni kurudisha ualkali, kwa chokaa au kwa kuwa na tangi lisilo na hewa ambamo nitrati huvunjwa na karibu nusu ya ualkali uliopotea hurejea.

Hata hivyo, wanaoogopa mtambo mkubwa wana haki ambayo wahandisi wengi hawawapi. Makazi mapya hujaa polepole. Watu 300 wakihamia kwenye mtambo wa watu 2,000, bakteria wanakosa chakula, tope linameguka vipandevipande, nalo linatoka na maji yaliyosafishwa. Dawa yake ni kujenga njia mbili sambamba, kila moja ya nusu, na kuwasha moja kwanza. Kuamini kwamba kutenga maji ya bafuni kutaondoa haja ya nusu ya pili hakutatui tatizo hilo.

Naona kutenga maji ya bafuni kutetewe kwa kile kinachotoa kweli: mita za ujazo 60 za maji safi kila siku ambazo hazitamwagwa tena chooni. Katika jengo jipya, ambapo mabomba mawili ya kushusha majitaka huwekwa kabla ya plasta, inafaa. Katika jengo lililokwisha kukaliwa, kubomoa kuta kwa ajili hiyo sioni sababu, maana 60 hizohizo zinaweza kupatikana kwenye maji yanayotoka mtambo mkuu, yakichujwa vizuri na kuuliwa vijidudu, ingawa vyooni bado litahitajika bomba lake la kuyapeleka.

Kabla ya kusaini michoro, mwambie mhandisi akuonyeshe namba mbili: ujazo wa siku ya mvua chujio likiwa limezimwa, na kilo za uchafu zinazobaki baada ya kutenga. Akikuletea asilimia ya maji yaliyopungua peke yake, mrudishie.