Upungufu wa stoo usitafutiwe akaunti kabla ya kutafutiwa sababu

Hesabu ya mzigo ya mwisho wa mwaka ikionyesha stoo imepungua, swali la kwanza ofisini huwa ni akaunti gani ibebe. Mimi naona swali hilo linaulizwa mapema mno. Leja ikisema kuna katoni 1,240 na waliohesabu wakakuta 1,112, tunachojua ni kwamba leja na rafu hazikubaliani. Kama kuna kilichopotea, bado hatujajua.

Tuzichukue hizo katoni 128, kila moja imeingia kwa gharama ya 500, na mwaka wa hesabu unaisha Desemba. Wengi wataandika 64,000 kwenye gharama ya mauzo, au vibaya zaidi kwenye "matumizi mengineyo", kisha wafunge vitabu. Ningewaomba kwanza watoe hati za kutolea mzigo za siku za mwisho za Desemba wazilinganishe na ankara za mwanzo wa Januari. Hapo ndipo zinapopatikana katoni 60 zilizoondoka tarehe 31, mteja akazipokea na kutia saini siku hiyohiyo, ila ankara ikaandikwa tarehe 2. Hizo zimeuzwa. Gharama yake, 30,000, ni ya Desemba, na mauzo yake pia ni ya Desemba. Ukiziita upungufu, mwaka unaofungwa unabeba gharama isiyo na mapato. Tena ankara ya Januari ikiingizwa, mfumo utazitoa katoni zilezile kwenye leja kwa mara ya pili. Hesabu inayofuata ikaonyesha stoo imezidi kwa katoni 60, watu watafurahia ziada ambayo haipo.

Zimebaki 68. Katoni 40 zilihamishiwa tawi jingine na hazijapokelewa huko. Hazikuhesabiwa huku wala kule, lakini bado ni mali yetu, kwa hiyo zinakwenda akaunti ya mzigo ulio njiani bila kugusa faida. Katoni 18 hazikuwahi kufika: aliyepokea alinakili idadi iliyo kwenye ankara ya msambazaji badala ya kuhesabu. Dalili yake ni hati ya dereva yenye idadi iliyokatwa na kuandikwa upya kwa kalamu. Kama ushahidi huo upo na msambazaji anaukubali, 9,000 zinapunguza deni lake. Akikataa na hatuna karatasi, ni hasara yetu.

Zimesalia 10, yaani 5,000, zisizo na maelezo. Huo ndio upungufu wenyewe. Kiwango cha kimataifa cha mali ya stoo, IAS 2, kinataka hasara ya mali hiyo iingizwe kwenye gharama za kipindi ilichotokea, ila hakitaji mstari wa kuiweka. Maoni yangu ni kwamba upungufu wa kawaida ukae ndani ya gharama ya mauzo, kwenye akaunti yake ndogo inayojitegemea. Bidhaa kuvunjika, kutolewa kimakosa au kudokolewa kidogo kidogo ni sehemu ya gharama ya kuuza, na faida ghafi isiyobeba hayo inamdanganya anayepanga bei. Ila akaunti iwe ya peke yake, maana ukiuchanganya na manunuzi hakuna atakayeona unavyokua mwaka hadi mwaka. Moto au wizi mkubwa ni jambo jingine: huo uwekwe mstari wake, usije ukaharibu ulinganisho wa faida ghafi. Na fidia ya bima isiandikwe kama mali mpaka iwe karibu hakika kulipwa.

Jambo linaloniuma ni kumdebiti mtunza stoo siku ileile ya hesabu. Katika mfano huu angebandikwa deni la 64,000, wakati kisichojulikana kilipo ni 5,000 tu, na hata hizo hakuna aliyethibitisha kwamba amezichukua yeye. Kuandika deni la mfanyakazi bila uchunguzi wala kukiri kwake kunaonyesha mali ambayo huenda kampuni isiipate kamwe. Sheria za kazi za nchi nyingi nazo zinawekea mipaka makato ya mshahara.

Kabla ya kuupitisha upungufu kwenye mwaka huu, itazameni pia kadi ya bidhaa yenyewe. Bidhaa ambayo haikuingia wala kutoka mwaka mzima na bado imepungua, inadai zifunguliwe karatasi za hesabu ya mwaka uliopita. Pengine wakati ule rafu moja ilihesabiwa mara mbili. Kosa hilo likiwa dogo linamalizwa mwaka huu. Likiwa kubwa kiasi cha kubadili maamuzi ya msomaji wa hesabu, IAS 8 inataka takwimu za mwaka uliopita zirekebishwe, na faida ya mwaka huu isiguswe.