Kamati imepokea, imejadili, imeelekeza. Nani ameamua?

Juzi nimetumiwa muhtasari wa kikao cha kamati elekezi ya mradi mmoja ninaoufahamu kwa karibu. Kurasa tisa. Waliohudhuria, waliotoa udhuru, waalikwa, yatokanayo, mengineyo, kila kitu kipo. Nikaenda moja kwa moja kwenye ajenda niliyokuwa naisubiri, nikakuta hivi: "Kamati ilipokea taarifa, ikaijadili kwa kina, na kumwelekeza meneja wa mradi aendelee kufuatilia suala hilo kwa karibu." Basi. Watu kumi na mmoja wenye vyeo, saa mbili na nusu, chai na vitafunwa, na meneja ametoka na jukumu lile lile aliloingia nalo mlangoni. Tofauti ni kwamba sasa ameelekezwa.

Nieleze suala lenyewe lilikuwa nini, maana bila hapo mtadhani nina chuki na vikao.

Mradi ni wa kubadilisha mfumo wa mishahara, wa wiki 40. Wiki ya 14 timu ya data ikagundua kwamba kumbukumbu za wafanyakazi kwenye mfumo wa zamani zina majina yanayojirudia na tarehe za ajira zinazogongana, na kuzisafisha kutaongeza wiki tano. Meneja hakulala. Alikwenda kwenye kamati wiki hiyo hiyo akiwa na njia mbili. Ya kwanza, ongezeni wiki tano na mlipie timu kwa muda huo. Ya pili, ondoeni kwa sasa sehemu ya likizo, ambayo ni kazi ya wiki nne na ilikuwa haijaanza kujengwa, ije awamu ya pili. Ukichukua njia ya pili, ucheleweshaji unabaki wiki moja. Akasema pia, na aliandika kwa herufi nene, kwamba kazi ya likizo inaanza wiki ya 20.

Kamati ikaelekeza afuatilie. Kikao cha wiki ya 18 akidi haikutimia. Kikao cha wiki ya 22 kikafanyika, wakubwa wawili wakatuma wawakilishi ambao kila walipoulizwa walijibu, "Mimi namwakilisha tu, nitalifikisha." Kufikia hapo nusu ya sehemu ya likizo ilishajengwa. Kuiondoa sasa kunaokoa wiki mbili tu, si nne, kwa hiyo mradi unachelewa wiki tatu hata ukikubali maumivu yote ya kuiacha. Njia ya wiki moja ilikufa kati ya vikao viwili na hakuna mtu aliyeiua. Ukitafuta kwenye muhtasari nani alikataa, humpati, kwa sababu hakuna aliyekataa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye mradi, kutoamua nako ni uamuzi, ila hauna jina chini yake. Ungeandikwa "Mkurugenzi fulani ameamua tuchelewe wiki tatu badala ya moja", angeuliza maswali mara moja. Ukiandikwa kama ufuatiliaji wa karibu, kila mtu analala usingizi mzuri.

Sasa, dawa yake haihitaji uvumbuzi. PRINCE2, utaratibu maarufu wa kusimamia miradi, imekuwa nayo tangu miaka ya 1990, na hata asiyeipenda PRINCE2 kwa wingi wa makaratasi yake (namwelewa) aibe hiki kimoja. Kabla kazi haijaanza, bodi ya mradi, yaani kamati yenu elekezi, inamwekea meneja mipaka: unaweza kuchelewa hadi kiasi hiki, kuzidisha gharama hadi kiasi hiki, bila kutuuliza. Ndani ya mipaka hiyo, meneja ni mkubwa, afanye kazi yake. Akiona kwamba atavuka, hasubiri kikao cha mwezi. Anaandika taarifa fupi siku ile: kimetokea nini, tuna njia zipi, kila njia inagharimu nini, mimi napendekeza ipi, na mwisho wa kuamua ni lini.

Zingatieni neno "akiona kwamba atavuka". Kinachopiga kengele ni makadirio. Hasubiri tarehe ipite. Tuseme mradi wetu wa mishahara ungewekewa mpaka wa wiki mbili. Wiki ya 14 hakuna kilichochelewa bado, mradi uko kwenye ratiba, rangi yake kwenye taarifa ni kijani. Lakini makadirio yanasema wiki tano. Tano ni zaidi ya mbili, kwa hiyo kengele inalia wiki ya 14, wakati njia ya bei nafuu bado ipo. Na tazama kitu kingine: njia ya pili ilikuwa inaurudisha mradi ndani ya mpaka, wiki moja tu. Kwa hiyo mpaka ulioandikwa mapema ungekuwa umeshafanya nusu ya kazi ya kamati. Swali lililobaki ni moja tu, mtumiaji anakubali kuisubiri likizo au hakubali.

Bila mpaka, meneja anabaki na rangi. Na rangi zinajulikana, wenyewe tunaita miradi ya tikiti maji: nje kijani, ndani nyekundu. Sidhani kwamba mameneja ni waongo. Mtu akiuliza "mko kwenye ratiba?" siku ambayo tarehe haijapita, jibu la kweli ni ndiyo.

Na msiniambie shida ni kukosa wakubwa wa kutosha mezani. Uwanja wa ndege mpya wa Berlin ulipangwa kufunguliwa tarehe 3 Juni 2012. Tarehe 8 Mei, chini ya wiki nne kabla, ikatangazwa kwamba hautafunguliwa, kwa sababu ya mifumo ya usalama wa moto. Ukaja kufunguliwa 31 Oktoba 2020. Bodi iliyokuwa inausimamia iliongozwa na meya wa jiji mwenyewe. Cheo gani zaidi ya hapo mlitaka? Kama habari mbaya inakufikia zikiwa zimebaki wiki nne, ukubwa wako unakusaidia kutangaza tu.

Tena ukubwa wa meza wenyewe ni tatizo. Bodi inahitaji sauti tatu: anayebeba sababu ya mradi kuwepo na fedha yake, anayewasemea watakaoutumia, na anayewasemea wanaoujenga. Wa kwanza, mwenye mradi, ndiye mwenye neno la mwisho. Hakuna kupiga kura, na kama hawa watatu hawakubaliani, yeye anaamua na jina lake linaandikwa. Hao wengine wanane wa idara mbalimbali wapelekewe habari, waulizwe maoni, wafanyiwe kikao chao kila robo mwaka wakipenda. Sisemi wanatia shaka bure. Mara nyingi mtu wa idara ya mbali ndiye anayejua kwamba tarehe uliyochagua inagongana na ukaguzi wa hesabu. Asikilizwe. Ila kusikilizwa na kuwa na kiti ni mambo mawili.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi zaidi. Baada ya mradi kuchelewa, taasisi haikuigusa kamati. Imeunda ofisi ya usimamizi wa miradi. Na barua ya kuiunda inasema ofisi "itahakikisha miradi yote inakamilika kwa wakati", halafu ukisoma majukumu yake unakuta violezo vya taarifa, mafunzo, na kutunza nyaraka.

Kila aliyefungua mwongozo wa PMI, taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa miradi, anajua ofisi hizi zina aina tatu, na zinatofautiana kwa kiasi cha mamlaka. Kuna ya kusaidia, ambayo inatoa violezo, uzoefu na ushauri, na meneja akitaka anachukua, asipotaka anaacha. Kuna ya kudhibiti, ambayo violezo vyake ni lazima, inakagua, na inaweza kudai utaratibu ufuatwe. Na kuna ya kuendesha, ambayo mameneja wa miradi ni watu wake na wanawajibika kwake. Zote tatu zina mahali pake. Taasisi yenye mameneja wazoefu ikianzisha ya kuendesha, wazoefu wataondoka. Yenye mameneja wachanga ikiishia na ya kusaidia, violezo vitajazwa vizuri sana na miradi itachelewa vilevile.

Kilichofanyika hapa ni kuipa ofisi ya kusaidia ahadi ya ofisi ya kuendesha. Mkuu wake atalaumiwa kwa tarehe ambazo hana uwezo wa kuzigusa. Mwaka haujaisha atakuwa anakusanya taarifa za kila wiki kutoka kwa watu wasiolazimika kumpa, na njia pekee atakayobaki nayo ni kusumbua. Mmewahi kuona ofisi ya miradi inayochukiwa na kila mtu? Mara nyingi ilizaliwa hivi.

Lakini hata wangeunda ya kuendesha, yenye meno yote, ingemaliza kesi yetu? Hapana. Kuamua kwamba wafanyakazi watasubiri sehemu ya likizo ni kuamua nani akose nini, na wa kuamua hilo ni mwenye mradi pamoja na msemaji wa watumiaji. Hakuna aina ya ofisi inayoweza kuwaamulia bila kuwa imechukua mradi wenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ofisi ya kudhibiti ingesaidia jambo moja kubwa. Ingeweza kuweka daftari la maamuzi na kupima umri wa kila ombi: limeombwa lini, linahitajika kabla ya lini, limejibiwa lini, na nani. Kwenye mradi wetu daftari lingeonyesha ombi la wiki ya 14, mwisho wa kuamua wiki ya 20, na wiki ya 22 bado liko wazi. Halina rangi, halina mchoro. Ukilipeleka kwa mkurugenzi mkuu kila mwezi, vikao vinaanza kubadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza anayechelewesha anaonekana, na si meneja.

Kuna atakayesema wakubwa wana kazi nyingi, hawawezi kuitwa kila kengele ikilia. Nani kasema waitwe? Watu watatu, ukurasa mmoja, siku tano za kazi. Mwenye mradi anapiga simu mbili, anaandika mstari mmoja wa barua pepe, "Tumechukua njia ya pili, likizo inaenda awamu ijayo", na meneja anaubandika kwenye daftari. Kama mwenye mradi hapati nafasi ya simu mbili katika siku tano, huyo si mwenye mradi, na atafutwe mwingine kabla ya kutafuta mkuu wa ofisi mpya.