Neno moja wimbo mzima, na kwa nini la kwako linachosha

Kuna aina ya nyimbo naipenda sana, zile ambazo neno moja linarudi rudi mwanzo mpaka mwisho kama dhikri, na hapo hapo ndio aina ambayo watunzi wengi wanaiharibu. Wanadhani kazi ni kupata neno tamu halafu kulirudia. Mi naona neno lenyewe ni kazi ndogo, kazi kubwa iko kwenye yale maneno yanayolizunguka, na hapo ndipo watu wanalala.

Chukua neno "bado". Mtunzi wa kawaida akipewa hilo neno atakuandikia hivi:

Bado nakusubiri, bado
Bado nakukumbuka, bado
Bado nakuhitaji, bado

Halafu anaita prodyuza. Sasa fanya jaribio dogo, badilishanisha nafasi za mstari wa kwanza na wa tatu. Kuna kilichoharibika? Hakuna. Mistari mitatu inasema kitu kile kile, "bado" inafanya kazi ile ile, ukisikia wa pili umeshajua wa nne utakuwaje na sikio lako limeshaondoka zake. Huo ndio mtihani wangu wa kwanza kwa wimbo wa namna hii, kama mistari inahamishika bila hasara basi neno halijapewa kazi, limewekwa kama pambo tu.

Sasa tuliandike upya neno hilo hilo, ila safari hii "bado" iwe jibu la mtu anayeulizwa maswali:

Mlango umeufunga? Bado.
Nguo zake umegawa? Bado.
Jina lake umefuta? Bado.
Umelala? Bado.

Neno halijabadilika hata kidogo, lakini kila swali linaingia ndani zaidi ya lililotangulia, kutoka mlangoni mpaka kabatini mpaka kwenye simu mpaka kitandani, na hakuna sehemu tumesema "nina huzuni" au "nakukumbuka". Jaribu kuhamisha mistari uone, "umelala" ukiipeleka juu ubeti wote unakufa. Halafu hesabu mizani. Maswali matatu ya kwanza yana mizani nane nane, la mwisho lina nne. Kwenye studio hizo mizani nne zilizokosekana ni pengo, na mi singelijaza na gitaa wala sauti za nyuma, ningeacha biti ipite peke yake kabla ya "bado" ya mwisho, maana msikilizaji ameshazoea urefu fulani na ukimpunguzia anashtuka bila kujua nini kimemshtua.

Ubeti wa pili neno linahama, linatoka mwisho wa mstari na kuja mbele:

Bado kiti kina joto
Bado ukuta wanena
Bado simu inalia
Bado mimi naitika

Hapa "bado" si jibu tena, inaeleza kitu kinachoendelea. Ubeti wa kwanza ilikuwa inasema jambo halijafanyika, huu wa pili inasema jambo halijaisha, na anayesikiliza hahitaji kufundishwa hilo maana anaongea hivyo kila siku. Ndio maana maneno madogo kama bado, tena, basi, haya, kumbe yanafaa kuliko maneno mazito. Ukichukua "mapenzi" ukalirudia litabaki jina la kitu kile kile kila ubeti, haligeuki, na inabidi ulitafutie mapambo mpaka mwisho.

Ila kuna kosa la upande wa pili, la kubadilisha kila kitu. Neno linahama, melodi inabadilika, mahadhi yanabadilika, mwisho mtu hasikii tena kwamba ni neno moja. Lazima kitu kibaki palepale. Mi ningeshikilia noti mbili za "ba-do" zisiguswe wimbo mzima, ya kwanza na nguvu, ya pili ikishuka, maana ndivyo tunavyolitamka, mkazo uko kwenye "ba". Wapo wanaoweka pigo zito kwenye "do" kwa sababu wanataka kuivuta ile "o" ndefu ya mwisho, matokeo yake neno linasikika geni kabisa. Kuivuta "o" ni sawa, vuta utakavyo, ila "ba" ndiyo iangukie kwenye pigo.

Kuna kitu kingine kinachotokea kwa neno lililorudiwa haraka haraka bila kitu katikati. Maana inatoka, inabaki sauti tupu. Jaribu mwenyewe kulisema neno lolote mfululizo kwa nusu dakika uone. Mwanasaikolojia Leon Jakobovits aliliandikia tasnifu jambo hili mwaka 1962 pale Chuo Kikuu cha McGill, lakini mtoto yeyote aliyewahi kulicheza jina lake mdomoni analijua. Kwa mtunzi hiyo ni hatari na ni silaha pia. Bill Withers kwenye Ain't No Sunshine ya 1971 anarudia maneno mawili tu, "I know", mara 26 mfululizo, na inasemekana alikusudia kuandika maneno mengine pale, wanamuziki wenzake wakamwambia aache hivyo hivyo. Mbona hachoshi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu anafanya hivyo sehemu moja tu, kabla na baada yake kuna mistari yenye maana kamili, kwa hiyo pale katikati maneno yanapogeuka kuwa mdundo unasikia mtu ambaye hoja zimemwishia. Angelifanya hivyo kila baada ya ubeti tungekuwa tunasogeza mbele.

Washairi wetu wa zamani walikuwa na akili hii muda mrefu, kibwagizo kinarudi vile vile mwisho wa kila ubeti, ila mishororo mitatu ya juu inakuja na hoja mpya, hivyo kibwagizo kile kile kinatua kwenye jambo jingine. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mshororo mzima wa kurudia, wewe una silabi mbili, kwa hiyo mzigo wa majirani ni mkubwa zaidi.

Ubeti wa tatu ndio ninaoupenda. Badala ya kubadilisha neno nambadilisha muulizaji. Ubeti wa kwanza hatukujua nani anauliza, labda ndugu, labda rafiki. Sasa aliyeondoka amerudi na anauliza mwenyewe:

Nimerudi, umelala? Bado.
Umepata wa badala? Bado.
Basi umenisamehe?

Hapo nakata. Mwimbaji hasemi kitu, biti inaendelea, na ukumbi mzima unalijua jibu kwa sababu umelisikia tangu mwanzo kwa noti zile zile mbili. Neno lililokuwa la uaminifu limegeuka kuwa la kisasi na halikubadilika hata herufi, na safari hii wanalisema wasikilizaji. Ukiwa stejini na hawajalisema, ujue beti za nyuma zilikuwa na tatizo, kawaida ni melodi ya neno ilikuwa inayumba kwa hiyo hawakuishika.

Najua prodyuza atataka baada ya hapo kiitikio kirudi mara nne na "bado bado bado" za kufifia kwa sababu redio zinapenda. Mi ningekataa. Ukishamwachia msikilizaji lile jibu halafu ukalirudia wewe tena umemnyang'anya, na kila unapoongeza moja swali la msamaha linazidi kusahaulika. Kama lazima wimbo uongezeke urefu, ongeza maswali kwenye ubeti wa kwanza.