Hesabu ya jioni inalingana, na bado pesa haipo

Ofisi nyingi zinazopeleka mizigo kwa malipo ya mkononi hufunga siku kwa namna moja. Keshia anafungua mfumo, anajumlisha oda zote ambazo dereva ameziwekea alama ya "imefikishwa", halafu anahesabu pesa aliyokabidhiwa. Zikilingana, dereva anaenda zake. Zisipolingana, dereva ana shoti, na shoti inakatwa kwenye malipo yake. Wapo wanaoitetea njia hii kwa sababu ni ya haraka na haizai maneno. Wengine wanasema jumla haitoshi, kila oda ilinganishwe na pesa yake. Mimi niko na hawa wa pili, lakini naona hata wao wanalinganisha vitu viwili pale panapotakiwa vitatu.

Wanaotumia jumla wana hoja ya kweli. Dereva akirudi jioni, noti zimeshachanganyika. Chenji aliyompa mteja wa tatu ilitoka kwenye pesa ya mteja wa kwanza. Ukimuuliza pesa ya oda fulani ni ipi, hana cha kukuonyesha. Kinachowezekana ni kulinganisha kiasi: oda hii ilitakiwa kuleta ngapi, na dereva anasema amepokea ngapi. Hilo linakula muda. Madereva 20 wakifika saa moja jioni, na kila mmoja akakaa dakika 10 dirishani kwa keshia mmoja, wa mwisho anaondoka saa nne na dakika 20 usiku, na asubuhi anatakiwa barabarani tena. Biashara yenye madereva wawili, ambayo mwenyewe anaujua kila mzigo uliotoka, haina sababu ya kujitesa hivyo.

Shida ya jumla inaanza pale pengo linapotokea, kwa sababu jumla inakwambia ukubwa wa pengo bila kukwambia limetoka wapi. Chukua dereva mwenye oda 14 zilizowekewa alama, zenye thamani ya 31,400. Ameleta 28,600. Shoti ni 2,800. Kwa njia ya jumla mazungumzo yameishia hapo: 2,800 inaandikwa kwenye jina lake.

Pitia oda moja moja, picha inabadilika. Oda ya kwanza yenye tatizo ni ya 1,900. Mteja aliandikishwa kuwa atalipa mkononi, lakini dereva alipofika alilipa kwa simu, pesa ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya ofisi. Hakuna aliyebadilisha njia ya malipo kwenye mfumo, kwa hiyo mfumo bado unamdai dereva pesa ambayo ofisi inayo tayari. Oda ya pili ilikuwa na bidhaa tatu. Mteja alichukua mbili, akarudisha moja ya 650. Dereva aliweka alama ya "imefikishwa" kwa sababu kwenye simu yake hakuna kitufe cha "imefikishwa nusu", na bidhaa iliyorudi iko kwenye begi lake. Hadi hapo 2,550 imepata maelezo, na hakuna hata senti iliyopotea. Iliyobaki ni 250. Oda ilikuwa ya 2,750, mteja akawa na 2,500 tu kamili, dereva hakuwa na chenji ya kuvunja noti kubwa, akakubali pungufu ili asirudi na mzigo.

Hiyo 250 ndiyo peke yake iliyotokana na uamuzi wa dereva, na hata yenyewe unaweza kubishana kama ni kosa lake au ni la ofisi iliyomtoa asubuhi bila chenji. Kumkata 2,800 ni kumfanya alipe 1,900 mara ya pili na kununua bidhaa ambayo ghala litaipokea tena na kuiuza.

Mpaka hapa wanaotaka oda kwa oda wameshinda, na wengi hutulia hapo. Lakini pengo unaloliona ndilo rahisi. Linaloumiza ni lile ambalo jioni linasoma sifuri.

Fikiria dereva mwingine. Jumatatu amefikisha oda 17 zenye thamani ya 51,500, zote kwa pesa taslimu. Njiani ametumia 3,500. Labda pikipiki imeharibika, labda mtoto anaumwa, labda ni tamaa. Jioni anaweka alama oda 16 tu, zenye thamani ya 48,000, na anakabidhi 48,000. Oda ya 3,500 inabaki kwenye mfumo ikisoma "ipo njiani". Jumanne anafikisha oda za 44,000. Asubuhi na mapema anaiwekea alama ile ya jana, kisha anaacha nyingine ya 4,200 bila alama. Mfumo unamdai 43,300, naye anakabidhi 43,300 kamili. Kwenye mkono wake imebaki 700, na inatumika. Jumatano anafikisha za 52,600, anaweka alama ile ya 4,200 ya jana, anaacha ya 5,000. Mfumo unadai 51,800, anakabidhi 51,800.

Siku tatu, pengo sifuri kila jioni, na shimo limekua kutoka 3,500 hadi 5,000. Na hapa ndipo hoja yangu ilipo: kulinganisha oda kwa oda hakukusaidia chochote. Kila oda yenye alama ilikuja na pesa yake kamili. Oda zilizokuwa na tatizo hazikuingia kwenye ulinganisho, kwa kuwa anayeamua ipi iingie ni yule yule anayedaiwa. Alama ya "imefikishwa" ndiyo inayozaa deni la dereva, na kidole kinachoibonyeza ni chake.

Kwa hiyo orodha ya kuanzia jioni isiwe ya oda zilizofikishwa. Iwe ya oda zilizotoka ghalani kwa jina la dereva asubuhi, pamoja na zile alizolala nazo jana. Kila moja kati ya hizo lazima ioneshe moja ya mambo mawili: imefikishwa, na kiasi chake kipo, iwe taslimu au kimeonekana kwenye akaunti, au haijafikishwa, na mzigo wenyewe upo, unashikika. Oda inayosoma "ipo njiani" saa mbili usiku ni dai kwamba mzigo upo kwenye begi, na dai hilo linathibitishwa kwa kufungua begi. Dereva wetu wa Jumatatu angekwama hapo hapo, kwa sababu mzigo wa 3,500 angeukosa. Faida nyingine ni kwamba ile bidhaa ya 650 kwenye begi la dereva wa kwanza ingeonekana yenyewe bila yeye kujitetea.

Upande wa pili una jibu, na si dogo. Kurudisha mizigo yote kila jioni maana yake dereva anayeishi karibu na wateja wake anavuka mji mzima kuonyesha vifurushi vinne, kisha anavibeba tena asubuhi kurudi kule kule. Mafuta ni yake, muda ni wake. Mizigo inapopokelewa, kuhesabiwa na kutolewa upya kila siku inachanika, inapotezwa, na lebo zinabanduka. Kwenye njia za mbali ambako safari moja ni ya siku mbili, sharti hili halitekelezeki kabisa. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kuruka kutoka "haiwezekani kila siku" hadi kutohesabu kamwe. Kuhesabu begi siku mbili kwa wiki, bila kutangaza ni zipi, kunatosha kuufanya mchezo ule uwe wa hatari, kwa sababu anayeziba oda ya jana kwa pesa ya leo hana siku hata moja ambayo begi lake limetimia.

Kati ya siku hizo mbili kuna dalili ambayo mfumo tayari unaitunza. Kila alama ina saa yake. Oda iliyowekewa alama saa moja asubuhi, kabla dereva hajaanza mzunguko, karibu hakika haikufikishwa saa hiyo. Lakini usimhukumu mtu kwa hilo peke yake. Simu huzima chaji, mtandao hukatika, na dereva mwaminifu pia huweka alama za jana asubuhi ya leo. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuzitenga oda zilizolipiwa mapema na zile za taslimu. Mtandao ukikatika, unachelewesha alama za aina zote mbili. Ukiona oda zilizolipiwa mapema zinapata alama mlangoni kwa mteja, na zinazochelewa ni za taslimu tu, wiki baada ya wiki, sababu si mtandao. Hapo mpigie mteja wa oda inayosoma "ipo njiani" tangu jana na umuulize kama mzigo umefika. Swali liwe hilo tu, bila kumtaja dereva kwa ubaya.

Narudi kwenye kukata malipo, kwa sababu ndiko haya yote yanakotoka. Wanaotaka shoti ikatwe jioni ile ile wanasema ikiachwa hadi kesho itakuwa hadithi, na ni kweli kumbukumbu za mlangoni kwa mteja hufutika haraka. Lakini ofisi inayokata 2,800 kwa dereva ambaye kweli amepungukiwa 250 inamfundisha kitu kimoja: usiweke alama mpaka uwe na uhakika pesa imetimia. Akishaanza kufanya hivyo kwa kujilinda, alama haielezi tena lini mzigo ulifika. Inaeleza lini dereva alipata pesa. Mwaminifu na mwizi wanaanza kufanana kwenye mfumo, na keshia hana tena namna ya kuwatofautisha.

Ndiyo maana ningetenganisha kuandika na kukata. Pengo liandikwe jioni ile ile, kwa namba ya oda na sababu aliyoitoa dereva: amelipa kwa simu, amerudisha bidhaa, chenji ilikosekana, haijulikani. Madai ya malipo ya simu yakaguliwe kwenye akaunti asubuhi inayofuata, bidhaa iliyorudi ipokelewe ghalani kwa sahihi, na mfumo urekebishwe ili oda isome kiasi kilichotakiwa kweli. Siku ya pili, kilichobaki bila maelezo ndicho kiende kwenye deni la dereva. Keshia hahitaji kuzipitia oda zote 14 kwa hilo. Jumla ikilingana na begi likatimia, anafunga. Anaingia oda moja moja pale tu kimojawapo kinapokataa, na kwa madereva 20 hiyo ni foleni fupi mno kuliko ile ya saa nne usiku.

Kwa njia za siku mbili ambako begi haliwezi kufika, ningeweka kikomo cha taslimu ambazo dereva anaruhusiwa kubeba. Akikifikia, aweke pesa kwa wakala au benki kabla ya mzigo unaofuata, akitaja namba za oda anazolipia, na ada ya kuweka ilipwe na ofisi. Ikilipwa na dereva, kila anapoweka pesa kutazaliwa shoti ndogo mpya.